Nimehesabu matangazo 48 ya kazi za uhasibu, je nikasome SAP au CPA?

"Habari kaka. Nina digrii ya uhasibu ya 2023, sasa hivi natunza vitabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, mwaka na nusu. Nimekusanya matangazo 48 kwenye Google Sheets nikahesabu wanataka nini. Excel 43, ERP 38, CPA 25, Tally 12, Sage 10, QuickBooks 9, SAP 8. Kwa kuwa ERP iko juu hivyo nimepata chuo wanafundisha SAP kwa laki 8 na nusu, mimi nina laki 6, iliyobaki nikope kikoba. Au nianze CPA, ile mitihani ya bodi ya wahasibu? Faili nimekuambatanishia."

Dada yangu, usikope kwanza. Faili nimelifungua nikalipitia lote, na kazi uliyofanya ni nzuri, watu wengi wanachagua kozi kwa kusikia jirani kasoma nini, wewe angalau umekaa ukakusanya. Ila ile 38 ya ERP, yani mifumo ya kompyuta ya kuendesha kampuni nzima kama hiyo SAP, si ya kweli, na ndiyo inayotaka kukutoa laki 8 na nusu, kwa hiyo naanza na hiyo.

Fomula uliyotumia ni hii hapa:

```
=COUNTIF(C2:C49,"*erp*")
```

Zile nyota maana yake ni "chochote kabla, chochote baada", yani inatafuta herufi e-r-p zikifuatana popote pale, haijali kama ni neno zima au kipande cha neno lingine. Sasa fungua tangazo lako la kwanza kabisa usome mstari wa pili kutoka mwisho, wameandika `good interpersonal skills`. Iangalie hiyo `interpersonal` taratibu. int-erp-ersonal. Umeiona? Tangazo halijataja mfumo wowote lakini fomula imehesabu moja, na neno hilo liko karibu kila tangazo la kazi mjini hapa, tena bado kuna `enterprise` na `interpret`. Kwa hiyo ulichohesabu wewe ni wangapi wanataka mtu anayeelewana na wenzake.

Na haikuishia hapo. Nilicheka peke yangu nilipoona jinsi majina ya programu za uhasibu yalivyokaa vibaya kwa kazi hii: Excel iko ndani ya `excellent`, Tally iko ndani ya `mentally` na `totally`, Sage iko ndani ya `message` na `usage`, na SAP iko ndani ya `ASAP`, yule mwajiri wako aliyeandika mtu aripoti kazini ASAP amehesabiwa kama anataka SAP. QuickBooks yenyewe imeumia kinyume chake, umetafuta `quickbooks` lakini wengine wanaandika `Quick Books` kwa kuachanisha na wengine `Quickbook` bila s, hao wote wamekupita. Kwa hiyo namba moja imepanda bure na nyingine imeshuka bure, afu ukazipanga pamoja kama zinafanana.

Dawa yake iko humo humo kwenye Google Sheets. Weka kolamu moja kwa kila ujuzi, na kwenye kila mstari uandike fomula ya kutafuta neno zima:

```
=N(REGEXMATCH(C2,"(?i)\berp\b"))
=N(REGEXMATCH(C2,"(?i)quick\s?books?"))
=N(REGEXMATCH(C2,"(?i)\bcpa\b|certified public accountant"))
```

Hiyo `\b` ni mpaka wa neno, ndiyo inayoizuia isiingie katikati ya neno lingine, `(?i)` inaiambia isijali herufi kubwa au ndogo, na ule mstari wima kwenye ya tatu ni "au". Inakupa 1 au 0 kwa kila tangazo, unajumlisha chini. Ukikopi kutoka kwenye simu angalia zile alama za nukuu za kufungua na kufunga, simu nyingi zinazipindisha na fomula inagoma. Na ukimaliza kila kolamu fungua matangazo 5 yenye 1 na 5 yenye 0 uyasome kwa macho, hapo ndo utajua kama fomula inasema kweli.

Kabla ya kuhesabu upya nilisafisha orodha yenyewe. Matangazo 6 yalikuwa ni yale yale yamerudiwa, kampuni imetangaza yenyewe, wakala naye katangaza bila kutaja jina la kampuni, afu mtu mwingine kalibandika tena kwenye mtandao wa kazi. Utayajua kwa orodha ya majukumu, ukiona sentensi mbili tatu za majukumu zinafanana neno kwa neno na tarehe ya mwisho ni moja, ni tangazo moja. Moja jingine nimelitoa kwa sababu nyingine, nitakuambia mwishoni. Na 9 ya utumishi wa umma nimeyaweka pembeni kabisa.

Hayo 9 nisikuache na swali. Matangazo ya Ajira Portal sifa zake hazitungwi na bosi wa ofisi ile, zinatoka kwenye muundo wa utumishi wa kada husika, ndio maana taasisi 5 tofauti zinatoa maneno yale yale. Ukiyahesabu 9 unadhani umesikia watu 9 kumbe umemsikia mtu mmoja mara 9. Huko hauhesabu, unasoma: unaangalia jina la kada, daraja, na sifa ya kuingilia, basi. Na pia tangazo moja la huko linaweza kuwa na nafasi nyingi wakati la kampuni ni nafasi moja, kwa hiyo kuyachanganya kwenye kapu moja kunaharibu pande zote mbili. Weka shiti yake peke yake.

Tumebaki na 32, ya kampuni binafsi na mashirika. Kwa fomula za neno zima yanasoma hivi: Excel 17, CPA 16, QuickBooks 11, ERP 9, Tally 7, SAP 4, Sage 3. Tofauti kabisa na ulichoniandikia, si ndio? ERP imetoka 38 kuja 9, QuickBooks imepanda.

Ila tafadhali usikimbilie kusema basi Excel ya kwanza, CPA ya pili. 17 na 16 kwenye matangazo 32 ni sare, wiki ijayo ukiongeza mawili zinaweza kubadilishana. Kuna njia ya kienyeji ya kupima ambayo mimi naitumia: gawa orodha mara mbili, mistari ya namba witiri huku na shufwa kule, hesabu kila nusu. QuickBooks imepata 6 na 5, Tally 4 na 3, yani QuickBooks imeongoza kote kote, hapo kidogo naamini. SAP na Sage ukizigawa zinabaki moja moja mbili mbili, hizo usizipangie cheo hata kidogo.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hata hesabu ikiwa safi namna gani haikuambii, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kwamba neno limetajwa mara nyingi haimaanishi ndicho kinachokuzuia wewe. Unajua Excel tayari, kwa hiyo 17 yake haikuongezei kitu. Na neno kutajwa halisemi limetajwa vipi. Soma hizo CPA 16 moja moja kama nilivyosoma: 9 wanasema lazima, 3 wanasema hata aliye njiani anafaa, yani aliyefika hatua ya Intermediate au anayemalizia, na 4 wanasema ni nyongeza tu. Fomula yako na yangu zote zinazipa 1 bila kubagua. Hapa hakuna ujanja dada, inabidi ukae usome kwa macho, matangazo 32 kwa dakika 4 kila moja ni masaa mawili na kidogo, chai yako pembeni. Kwenye kila kolamu badala ya 1 unaandika L kwa lazima na N kwa nyongeza, na unaongeza kolamu ya miaka ya uzoefu wanayotaka.

Afu hata hiyo L uichukulie kwa tahadhari kidogo, nikupe siri ya jikoni. Miaka ya nyuma niliwahi kukaa kwenye meza ya kupokea CV za wahasibu, ofisi siitaji, na tangazo la kazi tulikuwa tunaliandika hivi: unafungua la mwaka juzi, unabadilisha tarehe, unatuma. Mara moja tulitangaza tunataka mtu wa mfumo fulani ambao sisi wenyewe tulikuwa tumeuacha miezi 8 kabla, hakuna aliyegundua mpaka mwombaji mmoja kauliza kwenye usaili tunatumia toleo gani. Kwa hiyo ukiona orodha ndefu ya programu 6 kwenye kazi ya mhasibu msaidizi, ujue nyingine zimebaki humo tangu enzi. Na kinyume chake kipo, kuna vitu haviandikwi kwa sababu mwajiri anaona ni wazi. Excel imeandikwa kwenye 17 tu, lakini ukifika usaili wanakukalisha kwenye kompyuta wanakupa shiti yenye makosa.

Haya, kolamu zikishajaa ndo unauliza swali lenyewe, na swali si "kipi kinatajwa sana", ni hili: kwenye tangazo hili ambalo ningeweza kuomba leo, nimekosa L ngapi, na ni ipi? Ongeza kolamu H uandike idadi ya L ulizokosa, na kolamu I uandike jina la kilichokosekana kama ni kimoja tu. Kisha:

```
=COUNTIFS(D2:D33,"<=2",H2:H33,1)
=COUNTIFS(D2:D33,"<=2",H2:H33,1,I2:I33,"QuickBooks")
```

D ni miaka ya uzoefu. Kolamu ya uzoefu isihesabiwe kama L iliyokosekana, maana hiyo haisomewi darasani, unaichuja tu. Mimi nimeruhusu mpaka miaka 2 kwa sababu una mwaka na nusu na pengo la miezi 6 watu wanalivumilia, ila wanaotaka miaka 3 hawavumilii.

Matokeo kwa faili lako ni haya. Matangazo ya miaka 2 kushuka chini ni 13. Kati ya hayo, 3 umetimiza kila kitu na sijui kwa nini hujaomba, angalia tarehe leo leo. 6 umekosa kitu kimoja tu. 4 umekosa viwili au zaidi, hayo yaache kwa sasa. Kwenye yale 6: matatu wanataka QuickBooks, moja linataka programu yoyote ya uhasibu bila kutaja jina, moja linataka mtu aliyewahi kuandaa ritani za VAT, na moja linataka CPA. Kwa hiyo ukijua QuickBooks vizuri unafungua milango 4 kati ya 6. CPA ambayo imetajwa mara 16, leo hii inakufungulia mmoja. SAP haikufungulii hata mmoja.

Hiyo SAP nifafanue maana najua chuo kimekushawishi. Zile 4 zake zote ziko kwenye kazi za kuanzia miaka 3, na zinavyoandikwa si "cheti cha SAP", wanataka uwe umeifanyia kazi. Mfumo kama ule ni wa makampuni makubwa, kila kampuni imeupanga kivyake, na mtu akiajiriwa wanamfundisha skrini zake ndani ya kazi. Ukimaliza kozi hauna mahali pa kuushika tena, baada ya miezi 3 umesahau, ila deni la kikoba halisahau. Sisemi kozi ni ya kitapeli, huenda wanafundisha vizuri tu, ila ni ya mtu aliye ndani ya kampuni inayoitumia.

QuickBooks kwa upande wake hauhitaji hata laki. QuickBooks Online wana kampuni ya mfano ya kuchezea bure, unaingia unaandika ankara, unapokea malipo, unalinganisha vitabu na taarifa ya benki. Na Tally nayo, TallyPrime ukiiweka bila leseni inafunguka kwa hali ya mafunzo, kikwazo chake ni tarehe tu, inakubali kuingiza miamala ya tarehe 1, 2 na 31 ya mwezi, basi wewe mauzo ya mwezi mzima yapachike kwenye tarehe hizo, unajifunza vile vile. Ningekuwa wewe ningechukua mwezi mmoja wa vitabu vya hapo dukani, majina ya wateja nimeyabadilisha, nikauingiza wote: manunuzi ya mabati na nondo, mauzo ya mkopo, VAT ya asilimia 18, mshahara na NSSF, mpaka nitoe faida na hasara. Ukiulizwa kwenye usaili "umeitumia wapi" una jibu la kueleza hatua kwa hatua, na wanaojua kazi wanasikia tofauti ya mtu aliyeingiza miamala 200 na mtu mwenye cheti cha siku 5. Ukiona unakwama ndo ulipie mtu wa kukufundisha masaa machache, si kozi nzima. Na ile ya ritani za VAT muombe bosi wako au yule mhasibu wa nje anayewafanyia, ukae naye mwezi mmoja anapoandaa, huo mlango wa tano.

CPA sasa. Usinielewe kwamba haina maana, nimesema haikufungulii *leo*. Chuja upya faili, badala ya miaka 2 kushuka weka 3 kupanda:

```
=COUNTIFS(D2:D33,">=3",F2:F33,"L")
```

F ikiwa ndiyo kolamu ya CPA. Inakupa 7, yani kati ya zile 9 za lazima, 7 ziko kwenye kazi za miaka 3 na kuendelea. Huyo ni wewe wa miaka miwili ijayo, na CPA si kitu cha kuanza siku unapoihitaji. Mitihani mikuu ya NBAA, hiyo bodi ya wahasibu, inafanyika Mei na Novemba, na ukikwama somo moja miezi kadhaa imekwenda. Kufaulu mitihani pia si ndio usajili, usajili unataka na uzoefu wa kazi, sasa uzoefu huo unauchuma wakati unasoma. Kwa hiyo kwangu mimi si "QuickBooks au CPA". QuickBooks ni ya miezi miwili hii kwa jioni na wikiendi, ili uhame kazi, na ile laki 6 ibaki kwa ajili ya NBAA.

Hapo kwenye NBAA usinisikilize mimi wala mtu yeyote wa mtandaoni. Wenye shahada ya uhasibu wengi husamehewa hatua za chini, lakini unasamehewa nini inategemea chuo chako na masomo yaliyo kwenye transkripti. Nenda ofisini kwao na transkripti mkononi, uliza unaanzia hatua gani, ada ni ngapi, na mwisho wa kujiandikisha kwa mtihani unaofuata ni lini, maana dirisha linafungwa kabla ya mwezi wenyewe wa mtihani. Usilipie darasa la kujiandaa kabla hujapata jibu lao, nimeona watu wamelipia masomo ambayo walikuwa wamesamehewa.

Kitu kimoja cha kukumbuka kuhusu faili lako, linaonyesha kazi zinazotangazwa tu. Wewe mwenyewe pale Gerezani nadhani hukuomba kwa tangazo, ulipelekwa na mtu. Maduka ya jumla na viwanda vidogo wanaajiri hivyo, na huko Tally utaikuta mara nyingi kuliko hiyo 7 inavyoonyesha. Zunguka mitaa miwili hapo hapo kazini uulize wahasibu wenzako 10 wanatumia nini, iandike kwenye shiti ya pembeni. Ikitoka Tally 7 kati ya 10, basi jioni mbili kwa wiki zipe Tally, maana misingi ni ile ile na ukijua moja ya pili ni wiki kadhaa tu.

Na lile tangazo nililolitoa, ni la namba 31. Limeandikwa mshahara milioni 1 na nusu kwa asiye na uzoefu, halina jina la kampuni, na chini kabisa wanataka elfu 30 ya fomu kwa namba ya simu. Kama hujatuma usitume, na kama uliwatumia CV yenye namba ya kitambulisho kaa macho na simu zitakazokupigia wiki hizi.